Tumbo Limejaa, Nguruwe Hakui: Jinsi ya Kutafuta Protini Katika Mabaki ya Masisi na Walikale

Nguruwe aliyedumaa si lazima awe na njaa. Huko Masisi na Walikale, mara nyingi hori lake limejaa: maganda ya viazi, ndizi zilizoiva kupita kiasi, maganda ya muhogo, ukoko wa bugali. Anakula mpaka analala. Lakini miezi inapita, na mnyama aliyepaswa kuwa na kilo 50 hajafika hata 20. Mwenye nguruwe hulaumu mbegu, hulaumu baridi ya milimani, wakati mwingine hulaumu jicho la jirani. Tatizo liko ndani ya lile hori.

Karibu kila kinachobaki jikoni na shambani kwetu ni wanga. Wanga humpa mnyama nguvu na joto, na ukizidi hugeuka mafuta. Nyama haijengwi kwa wanga. Hujengwa kwa protini, na kwa nguruwe si protini yoyote tu. Anahitaji hasa kipande kimoja cha protini kiitwacho lizini, ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza. Lizini ikipungua, mwili hushindwa kutumia hata ile protini nyingine iliyopo. Muhogo, ndizi na mahindi vina lizini kidogo sana. Maharagi, soya, maziwa na samaki vina lizini nyingi. Ushauri wote wa makala hii unatokana na tofauti hiyo.

Kabla ya kubadili chakula, hakikisha kwamba unatibu tatizo lenyewe. Nguruwe anayekosa protini ana tumbo linaloning'inia huku uti wa mgongo ukitokeza. Mapaja yake ni membamba, manyoya yake ni marefu, makavu na yamesimama. Hupenda kula kinyesi na kutafuna mikia ya wenzake. Dalili hizi zinafanana sana na za minyoo, kwa hiyo mpe kwanza dawa ya minyoo. Mwezi ukipita na hajabadilika, ndipo uhesabu kilicho horini.

Tuchukue nguruwe mmoja wa kilo 30, chotara wa mbegu ya kienyeji na ile nyeupe ya kizungu, kama wanaofugwa kati ya Sake na vilima vya Mushaki. Ili aongezeke gramu 300 hadi 400 kwa siku, anahitaji gramu 180 hadi 200 za protini nzuri kila siku. Mwenyewe anampa kilo 4 za viazi vitamu vidogo visivyouzika pamoja na maganda ya jikoni, vyote vimepikwa. Kwa macho ni chakula kingi. Lakini zaidi ya theluthi mbili ya uzito ule ni maji, na katika kilichobaki protini haizidi gramu 60. Ni theluthi moja tu ya anachohitaji. Hata ukimwongezea kilo nyingine 2 hataweza kufika, kwa sababu tumbo litajaa kabla hesabu haijatimia.

Ndiyo maana nawasihi wafugaji waanze kupanga chakula kutoka upande wa pili. Tafuta kwanza protini ya siku ile, uipime, uiweke kando. Viazi, ndizi na makombo vije baadaye kujaza nafasi iliyobaki.

Wa Masisi wana bahati ambayo wengi wao huimwaga mtoni. Vilima vile vya ng'ombe ndivyo vinavyolisha Goma fromaji, na kila lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo 1 ya fromaji na lita 9 za maji ya kijani-manjano. Maji hayo yanaonekana hayana kitu, na kweli zaidi ya asilimia 90 ni maji matupu. Lakini kila lita ina gramu 7 hadi 8 za protini ya maziwa, yenye lizini nyingi, pamoja na sukari na kalisi. Lita 5 humpa nguruwe wetu karibu gramu 38 za protini bora.

Maji ya fromaji yana masharti yake. Usianze na lita 5. Anza na lita 1 kwa siku, uongeze taratibu kwa muda wa siku kumi, la sivyo nguruwe ataharisha na utadhani umemlisha sumu. Chagua pia kama utampa yakiwa mabichi ya siku ileile au yakiwa yamechachuka, kisha ushike njia hiyo hiyo kila siku. Tumbo la nguruwe hulizoea lolote kati ya hayo mawili, lakini leo hivi na kesho vile humharisha. Chukua yale yanayotoka kwenye sufuria kabla chumvi haijatiwa. Maji yaliyolowekwa fromaji yana chumvi kali, na chumvi nyingi bila maji ya kunywa humfanya nguruwe ayumbe, azunguke na kuanguka kifafa. Hata akinywa maji ya fromaji, awe na maji safi kando. Bidoni unayobebea iwe ya plastiki, isuguliwe kila siku.

Nguzo ya pili ni maharagi. Najua uzito wa neno hili katika maeneo ambamo familia nyingi zimekimbia na kurudi, na kukimbia tena. Sisemi umpe nguruwe maharagi ya watoto wako. Nasema yale yaliyochambuliwa: yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu, yaliyokunjamana kwa mvua, ambayo wauzaji huyaweka kando sokoni. Kila gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 22 za protini. Gramu 300 kwa siku zitampa gramu 66. Yenye ukungu usiyachukue kwa bei yoyote.

Na hapa ndipo wengi wanapopoteza mali yao. Haragi bichi, au lililopikwa nusu, lina viini vinavyouzuia mwili kumeng'enya protini na vingine vinavyojeruhi utumbo. Ukimpa mabichi, unaharibu hata ile protini iliyo katika vyakula vingine, na atakonda ukimwangalia. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, tia maji mapya, chemsha kwa nguvu. Kuyaacha yatokote polepole kwenye moto mdogo bila kuchemka hakutoshi. Kwenye nchi ya chini nusu saa ya kuchemka kabisa inaweza kutosha. Lakini Mushaki iko juu, na kwenye kimo cha mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufika joto la chini kule, karibu digrii 93 badala ya 100. Kwa hiyo hesabu saa nzima au zaidi, mpaka haragi lipondeke kati ya vidole viwili bila kubaki na kiini kigumu. Ukiona vipande vya haragi vizima katika kinyesi, ujue hayakuiva.

Palipo na kituo cha lishe au mama anayetengeneza maziwa ya soya, omba machicha yake. Kilo 1 ya machicha mabichi ya soya ina protini karibu sawa na gramu 250 za maharagi makavu. Yanaharibika haraka sana, kwa hiyo yatumike siku ileile.

Majani ya viazi vitamu ndiyo nguzo ya tatu, na hayagharimu kitu. Kilo 1 na nusu ya majani na mashina laini humpa karibu gramu 34. Yakate vipande vifupi. Mashina mazee yenye nyuzi yaache, kwani nguruwe hana tumbo la ng'ombe. Baada ya hapo kuna kitu kidogo kinachokamilisha hesabu: gramu 50 za sambaza wakavu kutoka Ziwa Kivu, au vumbi na vichwa vyao vinavyobaki chini ya gunia sokoni Sake. Hiyo ni konzi moja ndogo tu, lakini ina gramu 30 za protini, pamoja na kile ambacho maharagi na majani hayana cha kutosha.

Jumlisha sasa. Viazi vitamu tumevipunguza kutoka kilo 4 hadi kilo 2, navyo vinatoa gramu 30. Maji ya fromaji 38, maharagi 66, majani 34, sambaza 30. Tumefika 198. Hori halijajaa kuliko jana, na viazi kilo 2 vimeokolewa. Sambaza wakikosekana utabaki na 168. Nguruwe atakua, ila polepole kidogo.

Vigawanye katika milo miwili, asubuhi na jioni, na kila mlo uwe na sehemu yake ya maharagi na sambaza. Mwili hauweki akiba ya protini kama unavyoweka akiba ya mafuta. Ukimpa yote asubuhi, jioni anajenga mafuta tu. Kama nguruwe ni wawili au zaidi katika hori moja, changanya kila kitu kabisa. Ukiweka maharagi upande mmoja, mwenye nguvu atayala yote, na yule dhaifu utaendelea kumlisha viazi huku ukidhani unamlisha protini.

Ukishuka Walikale, mambo hubadilika. Kule hakuna ng'ombe wala maji ya fromaji. Kuna joto, msitu, muhogo, michikichi, karanga, na mvua isiyojua kupumzika. Muhogo una protini ndogo kuliko hata viazi vitamu: kilo 2 za muhogo mbichi hazifikishi gramu 20. Lakini juu ya shina lileile kuna sombe. Majani ya muhogo yakikauka, kila gramu 100 huwa na protini zaidi ya gramu 20. Watu hula sombe kila siku, lakini majani yanayobaki shambani wakati wa kung'oa huachwa yaoze.

Sombe mbichi ina sumu ileile iliyo katika muhogo mchungu, na kwenye maganda sumu ni nyingi zaidi kuliko ndani. Nguruwe aliyekula nyingi mbichi hupumua mbio, hutoka povu, huyumba, na anaweza kufa ndani ya saa moja. Chuma majani, yakate madogo madogo ili sumu ipate njia ya kutoka, yatandaze juani siku mbili au tatu ukiyageuza. Yakikauka kiasi cha kuvunjika mkononi, yasage. Kwa mvua ya Walikale jua haliaminiki, hivyo yamalizie kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni. Hata yakikauka vizuri, usizidishe gramu 150 kwa siku kwa nguruwe wa kilo 30, kwa sababu yana nyuzi nyingi na sumu haiishi yote. Maganda ya muhogo nayo yakaushwe au yachemshwe bila kufunika sufuria, na maji yake yamwagwe.

Kwa kuwa sombe peke yake haitoshi, mfugaji wa Walikale anahitaji kipande cha soya. Namshauri apande mistari michache kwa ajili ya nguruwe tu. Gramu 250 za soya iliyochemshwa nusu saa au kukaangwa mpaka inukie humpa protini karibu gramu 90. Soya mbichi ina ubaya uleule wa haragi bichi. Pamoja na sombe kavu gramu 150, muhogo uliopikwa kilo 2 na mashudu ya mise gramu 150, unapata karibu gramu 160. Vichwa vya samaki kutoka mtoni vinaweza kuifikisha 180. Mashudu ya mise nayaongeza kwa tahadhari: yana makapi mengi na lizini yake ni haba, kwa hiyo yasiwe ndiyo tegemeo. Karanga zilizoota ukungu zitupwe kabisa. Katika unyevu ule sumu ya ukungu huingia haraka, na huharibu ini polepole bila mwenyewe kujua kwa nini mnyama amekonda. Machicha ya kasiksi ya ndizi hujaza tumbo tu.

Sasa ndoo ya makombo. Mabaki ya mikahawa ya Sake, ya Masisi-centre, ya kambi za wachimba madini huko Walikale, yana nafasi nzuri katika chakula hiki. Leo yana maharagi na samaki, kesho ni bugali tupu, kwa hiyo usiyahesabu kama protini ya uhakika. Hatari yake si ndogo. Ndani ya ndoo hiyo panaweza kuwa na ngozi au mfupa wa nguruwe aliyekufa kwa homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Mwaka 1957 ulivuka hadi Ureno, pale nguruwe walio karibu na uwanja wa ndege wa Lisboni walipolishwa mabaki ya chakula cha ndege. Hauna dawa, huua karibu wote katika zizi, na virusi vyake huishi muda mrefu ndani ya nyama iliyokaushwa. Walikale pana hatari ya ziada: nguruwe mwitu wa msituni hubeba virusi hivyo bila kuugua, na nyama ya porini hupikwa katika nyumba nyingi. Mabaki yake, maji yaliyooshea nyama hiyo na majani yaliyofungia visifike zizini kamwe.

Makombo yote yachemshwe nusu saa tangu yaanze kuchemka, ukikoroga mpaka chini ili katikati pasibaki baridi. Uwe na ndoo mbili: moja ya makombo mabichi, nyingine ya yaliyopikwa, na zisibadilishane kazi hata siku moja. Nimeona mtu akichemsha vizuri kabisa, kisha akamimina chakula kwenye ndoo ileile aliyobebea makombo kutoka mkahawani. Kuni zote zile zilipotea bure. Nguruwe naye afungwe, asifike chooni wala vichakani watu wanapojisaidia, kwani huko ndiko anakookota mayai ya tegu.

Kuni ni ghali, na ndizo zinazokatisha wengi tamaa. Pika mara moja kwa siku, katika sufuria moja: maharagi yaliyolowekwa yatangulie, na yakikaribia kuiva tia viazi, maganda na makombo, ukoroge mpaka nusu saa nyingine ya kuchemka itimie. Majani ya viazi vitamu hayahitaji moto. Mwishoni tia kijiko kidogo cha chai cha chumvi, ila kama makombo yana chumvi ya kutosha acha. Asiyepata maji ya fromaji wala sambaza aongeze kijiko cha mifupa iliyochomwa na kusagwa, kwa ajili ya kalisi. Mifupa ya nguruwe isiingie humo.

Utajuaje kama unafanikiwa? Usitegemee jicho. Chukua kamba na futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia, kichwa kikiwa kimeinama kawaida. Andika kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye mzunguko wa mita 0.72 na urefu wa mita 0.84 ana kilo 30. Baada ya wiki nne akiwa na 0.80 kwa 0.90, amefika kilo 40. Hiyo ni zaidi kidogo ya gramu 350 kwa siku, na chakula chako kimefanya kazi. Wa kienyeji kabisa akiongezeka kilo 5 au 6 katika muda huo, usimlaumu. Akiongezeka kilo 2, rudi kwenye hori: maharagi hayakuiva, au kuna anayemnyang'anya, au ile protini ya kwenye daftari haifiki kila siku.

Kama protini haitoshi nguruwe wote, usiigawe sawasawa. Wape kwanza wale wa kilo 15 hadi 50, maana huo ndio wakati wa kujenga nyama, na kilo moja ya maharagi huzaa zaidi kwao kuliko kwa yeyote mwingine. Nguruwe aliyepita kilo 60 anahitaji protini kidogo zaidi kwa siku, lakini anakula mengi zaidi, hivyo anaweza kustahimili hori lenye viazi na muhogo zaidi, mradi majani yasikatike.

Kiangazi majani hukauka na maziwa hupungua, na barabara nazo hufungika. Mapigano yalipofika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi mwaka huohuo, vyakula vya mifuko kutoka mjini havikuwa jambo la kutegemea. Kwa hiyo wekeni akiba ya majani mvua inapokuwa nyingi. Kateni majani ya viazi vitamu vipande vya sentimita tatu hivi, myaache yanyauke siku moja kivulini. Kwa kila kilo 100 changanya kilo 6 za unga wa muhogo na nusu kilo ya chumvi. Shindilieni katika mfuko mzito wa plastiki usio na tundu mpaka hewa yote itoke, fungeni kwa kamba, wekeni ndani ya gunia mbali na panya. Baada ya wiki tatu huwa tayari. Yaliyoiva vizuri yana rangi ya kijani-manjano na harufu kali ya uchachu. Yakinuka kuoza au yakiwa na ukungu mweusi, hewa iliingia, na sehemu hiyo itupwe. Ukishafungua mfuko, toa ya siku moja tu, ukandamize na kuufunga tena palepale.